Jenereta Inapopoteza Sumaku

Chukulia jenereta ya mvuke iliyounganishwa na gridi. Kwa bahati mbaya, swichi inayopeleka umeme kwenye koili za rota inafunguka. Sumaku ya rota inafifia, lakini mvuke bado unaisukuma, hivyo rota inaanza kuzunguka haraka kuliko mwendo wa gridi. Sasa jenereta inavuta kutoka gridini umeme wa kujengea sumaku: volti zinashuka, ampea zinapanda, na mikondo inayozuka kwenye chuma cha rota inaichoma.

Mitambo ya ulinzi huligunduaje hilo? Mwaka 1949, mhandisi C. R. Mason alieleza relei inayogawanya volti kwa ampea, ikizingatia pia jinsi mawimbi ya viwili hivyo yanavyopishana. Jibu huchorwa kama nukta kwenye grafu. Sumaku ikipotea, nukta hiyo hushuka na kuingia ndani ya duara lililopangwa chini ya kitovu cha grafu, ikabaki humo.

Mtikisiko wa gridi unaweza kuiingiza nukta humo kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo relei husubiri, mara nyingi kama nusu sekunde, kabla ya kuitoa jenereta gridini.