Msiba Wenye Wenyeji Wawili

Mzee amefariki Jumanne usiku katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Alikuwa seremala mstaafu, Mlutheri, mzaliwa wa Marangu, na kwa miaka 30 ameishi Kimara. Kabla hata mtoto wa kwanza hajafika hospitalini, simu mbili zimeshapigwa. Moja imekwenda kwa mzee wa kanisa wa mtaa anaoabudu. Nyingine imekwenda Marangu, kwa kaka mkubwa wa marehemu.

Familia hii ni ya mfano, lakini mambo yake hutokea kila wiki, na simu hizo mbili ndizo zinazoeleza karibu kila kitu kitakachofuata. Msiba wa Kikristo wa Kitanzania una wenyeji wawili. Kanisa lina taratibu zake na ukoo una zake, na kila upande unahesabu siku kwa namna yake. Kwa kawaida wanapatana vizuri. Wasipopatana, anayeumia ni mjane na watoto, maana wao ndio wanaoulizwa na pande zote mbili.

Usiku huohuo linaulizwa swali ambalo wageni huliona dogo: msiba upo kwa nani? Marehemu aliyekuwa na nyumba yake hana tatizo. Aliyekuwa akiishi kwa mwanawe, au aliyetengana na mkewe, anaweza kusababisha msiba uwe mahali pawili, huku turubai na kule turubai, na waombolezaji wasijue rambirambi waipeleke wapi. Nyumba ikishatajwa, tangazo linatoka na taa zinafungwa uani.

Jumatano asubuhi inaundwa kamati. Mwenyekiti kwa kawaida ni jirani au rafiki wa marehemu, si mtoto, kwa sababu mtoto anatakiwa alie. Mhazini anashika daftari la rambirambi na namba moja ya simu ya kupokelea michango. Namba moja tu. Zikitangazwa mbili, ya mtoto na ya mjomba, hesabu haitafungika na maneno yatasikika hadi mwaka unaofuata. Katika daftari kila anayetoa anaandikwa jina na kiasi, hata aliyeleta shilingi 2,000, na aliyeleta kilo tano za mchele anaandikiwa mchele wake. Familia haikusanyi fedha tu kwa daftari hilo. Itakapofika zamu ya jirani kufiwa, ndilo litakalofunguliwa.

Mkesha wenyewe, yaani zile jioni za kukaa matanga, haufanani na ibada hata kama unaanza kwa ibada. Jumuiya inafika jioni na vitabu vya nyimbo, mwinjilisti anasoma neno na kuomba kwa nusu saa hivi, kisha wanaotaka kurudi makwao wanaaga. Wanaobaki ndio wakeshaji. Ndani, wanawake wamelala kwenye mikeka na magodoro yaliyotandikwa sakafuni, wamemzunguka mjane. Nje, wanaume wanacheza karata karibu na moto, chai ya rangi na maandazi inapita, kwaya ya vijana inaimba mapambio hadi sauti zikauke. Mgeni anaweza kudhani watu wamesahau kilichowakusanya. Hawajasahau. Karata zinawafanya wasisinzie, na mfiwa akishtuka saa 9 usiku anasikia watu.

Wakati mkesha unaendelea, mchungaji naye ana maswali yake, na hapa ndipo familia nyingi hushtuka. Anataka kujua kama marehemu alikuwa msharika hai, kama alibatizwa na kupata kipaimara, kama ndoa yake ilifungwa kanisani. Kwa Wakatoliki, mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ndiye anayepeleka habari kwa paroko, na swali la ndoa lina uzito zaidi. Marehemu aliyeishi na mwenzake miaka mingi bila ndoa ya kanisa anaweza kuzikwa kwa sala zinazoongozwa na katekista badala ya Misa. Familia huliona jambo hilo kama adhabu iliyoletwa siku ya kilio, na kugombana na paroko sebuleni haijawahi kusaidia. Kinachosaidia ni kumpa habari kamili mapema, Jumatano si Ijumaa, ili aamue akiwa na muda. Akigundua saa chache kabla ya mazishi kwamba alifichwa jambo, ratiba nzima inayumba.

Kuna pia makaratasi, nayo hayana mengi. Hospitali inatoa taarifa ya kifo na kibali cha mazishi, na mwili unaosafirishwa mbali unahitaji kutunzwa kwa dawa na kuwa na kibali cha kusafirishwa. Cheti cha kifo kinafuatiliwa baadaye kwa RITA au ofisi ya mkuu wa wilaya. Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30. Wengi huacha mpaka benki iwaulize.

Ijumaa asubuhi mwili unatolewa chumba cha maiti na kupitishwa kanisani Kimara kwa ibada fupi ya kuaga, kwa ajili ya wale wasioweza kusafiri. Kisha msafara unashika barabara ya Chalinze, Segera, Same, kilomita zaidi ya 500 hadi Moshi, halafu unapanda mlimani. Wanafika usiku. Mwili unalala ndani ya nyumba ya ukoo, na mkesha wa mwisho unafanyika huko, safari hii wenyeji wakiwa wale wa simu ya pili.

Swali la kwa nini wasimzike Dar es Salaam linajibiwa na kihamba. Kwa Wachaga, kihamba ni shamba la migomba na kahawa ambamo ukoo unaishi na kuzika, na kaburi la baba ndani yake linaonyesha watoto wana asili wapi. Kanisa halina neno na hilo. Walutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, Wakatoliki wakiwa wametangulia Kilema, na mazishi ya kihambani yamekuwa yakifanywa na wachungaji na mapadre vizazi kwa vizazi. Migogoro ya wenyeji wawili haitokani na mahali pa kuzika.

Inatokana zaidi na karatasi moja inayoitwa wasifu wa marehemu.

Wasifu husomwa kwenye ibada ya mazishi, kabla ya mahubiri. Ni ukurasa mmoja au miwili: alizaliwa lini, wazazi wake nani, alibatizwa wapi, alisoma wapi, kazi alizofanya, ndoa, watoto, ugonjwa, kifo. Kwa kawaida anauandika mtoto aliyesoma, usiku, akiwa amechoka. Katika familia yetu ameandika watoto wanne wa mama yao. Baba mkubwa anausoma kwa tochi ya simu Ijumaa saa 4 usiku, anauliza kwa upole, “Na yule wa Tanga, mwanangu, mmemweka wapi?” Wa Tanga alizaliwa kabla ya ndoa. Amekuja msibani, amekaa nyuma kwenye kiti cha plastiki.

Hili lingetakiwa liamuliwe Jumatano. Mtoto akiachwa kwenye wasifu mbele ya watu 400, ukoo utazungumza hapohapo, na akitajwa bila mjane kuarifiwa, mjane ataaibishwa siku ya kumzika mumewe. Njia iliyotumika hapa ni ya kawaida kwa wazee wenye busara: shangazi alikwenda kukaa na mjane chumbani, wakazungumza, kisha wasifu ukaandikwa “ameacha mjane, watoto watano na wajukuu saba” na majina yakafuatana kwa umri, bila kueleza nani wa nani. Mchungaji hakuulizwa, na hakuwa na haja ya kuulizwa.

Ibada ya Jumamosi imepangwa saa 6 mchana. Inachelewa, na kinachoichelewesha karibu kila mara ni salamu za rambirambi. Kazini wanataka kusema, chama cha siasa wanataka kusema, kikoba, wanakwaya, wanafunzi aliosoma nao. Mchungaji ana mazishi mengine kijiji cha pili, na wingu la mvua limeshatanda. Kamati zenye uzoefu zinampa kila kundi msemaji mmoja na dakika mbili, na salamu nyingine zinakabidhiwa kwa maandishi. Baada ya mahubiri watu wanapita kuaga. Kaburini mchungaji anatupa udongo mara tatu, mjane anafuata, kisha watoto, wajukuu, ndugu, na vijana waliochimba wanamalizia kwa majembe huku kwaya ikiimba. Mashada yanawekwa kwa mpangilio huohuo. Watu wanakula wali na nyama, na saa 11 jioni magari yameanza kushuka mlima.

Kuanzia hapo kanisa linarudi nyuma kidogo na ukoo unachukua usukani. Siku ya kuanua matanga, ambayo siku hizi wengi huifanya kesho yake ili wenye kazi mjini wawahi basi, watu wa ndani wanakaa uani. Mhazini anasoma mapato na matumizi ya rambirambi, na kilichobaki anakabidhiwa mjane mbele ya wote. Kisha inaulizwa kwa sauti: anayemdai marehemu, na ambaye marehemu alikuwa akimdai, ajitokeze. Fundi mmoja anataja mbao ambazo hazijalipwa. Zinaandikwa.

Hapohapo ukoo unapendekeza msimamizi wa mirathi, na katibu anaandika muhtasari wenye majina na sahihi. Muhtasari huo mahakama nyingi huuomba, lakini haumpi mtu mali. Msimamizi ni yule atakayeteuliwa na mahakama, na kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Mila ya Kichaga inayompa kitinda mimba nyumba ya baba hutajwa sana siku hii, na ni vizuri kutoiachia iamue lolote kabla haijajulikana kama marehemu aliacha wasia.

Mbege inaweza kunywewa, na wapo wanaonyoa nywele. Wachungaji wengi hawalipingi hilo. Wanachokataa ni kumwagia marehemu pombe kaburini kwa kumtambikia, na kumrithisha mjane kwa shemeji yake. Mjane akishurutishwa kwa lolote kati ya hayo, mzee wa kanisa aliyekaa pale ana haki ya kusimama na kusema.

Inabaki arobaini. Neno ni moja, maana ni mbili. Wakatoliki wanaadhimisha Misa ya kumwombea marehemu, na watamwombea tena tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote. Walutheri hawawaombei wafu. Ibada yao ni ya kumshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu na kuwafariji waliobaki, kwa hiyo anayempelekea mchungaji ombi la “kumwombea mzee” atasahihishwa kwa upole. Hata hesabu ina utata. Ukianzia Jumanne ya kifo, siku ya 40 ni Jumamosi. Ukianzia siku ya mazishi, ni Jumatano, na Jumatano hakuna atakayetoka Dar es Salaam.

Familia hii ilifanya ibada ndogo Kimara Jumamosi ile, na kumbukumbu yenyewe ikasogezwa hadi Desemba, Wachaga wanapopanda nyumbani kwa Krismasi na nauli imeshalipwa. Siku hiyo msalaba wa mbao uling’olewa na kaburi likawekewa jiwe la marumaru. Yule wa Tanga ndiye aliyetumwa kwa mchonga mawe, na alikwenda na nakala ya wasifu mfukoni, kwa sababu kwenye ule wa mbao walikuwa wamekosea mwaka wa kuzaliwa.