Filta moja, majina matatu: kumbukumbu ya tafsiri katika vitabu vya mashine

Jenereta ya dizeli ya ukubwa wa kati haiji na kitabu kimoja. Kuna kitabu cha mwendeshaji, cha ufungaji, cha matengenezo, cha kutafuta hitilafu, orodha ya vipuri, na mara nyingi kijitabu cha kidhibiti cha umeme kilichoandikwa na kampuni nyingine kabisa. Ukivitandaza mezani utaona kwamba sehemu kubwa ya maandishi ni yaleyale. Zima injini. Iache ipoe. Tenganisha waya hasi wa betri. Maagizo hayo hurudi kabla ya kila kazi, kwa sababu mtengenezaji hataki fundi aliyefungua ukurasa wa 140 adhani kuwa onyo la ukurasa wa 3 halimhusu.

Sasa wagawie watafsiri watatu vitabu hivyo, kila mmoja na vyake. Wa kwanza ataandika kichujio, wa pili chujio, na wa tatu, aliyekulia jirani na gereji, ataandika filta. Hakuna aliyekosea. Lakini fundi aliyeshika kitabu cha matengenezo mkono mmoja na orodha ya vipuri mkono wa pili ana haki ya kudhani kuwa hivyo ni vifaa vitatu, na akaagiza kisichotakiwa.

Programu za kumbukumbu ya tafsiri zilibuniwa kwa ajili ya maandishi ya aina hii. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1978 Peter Arthern, mtu wa tafsiri katika taasisi za Jumuiya ya Ulaya, alipendekeza kompyuta itunze tafsiri zilizokwisha kufanywa ili sentensi ikirudi, tafsiri yake irudi nayo. Kampuni ya Trados, iliyoanzishwa Stuttgart mwaka 1984, ni miongoni mwa zilizoligeuza wazo hilo kuwa bidhaa. Leo ziko programu nyingi, za kulipia na za bure. Hapa nitatumia OmegaT kama mfano, kwa kuwa ni ya bure na yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuijaribu.

Programu hizi zenyewe hazitafsiri. Hukata maandishi vipande, aghalabu sentensi moja moja, na mtafsiri anapomaliza kipande, programu hutunza jozi: Kiingereza upande mmoja, Kiswahili upande wa pili. Kipande kilekile kikitokea tena, hata kama ni kitabu cha nne, tafsiri inajitokeza yenyewe. Kikitokea kinachofanana nacho kwa sehemu, programu huleta tafsiri ya zamani na asilimia ya kufanana, ili mtafsiri arekebishe palipo tofauti. Jozi hizo huwekwa katika faili la TMX, mfumo ambao karibu programu zote huusoma. Kwa hiyo kumbukumbu iliyojengwa katika programu moja inaweza kuhamia nyingine. Jozi moja huonekana hivi:

```xml
<tu>
  <tuv xml:lang="en"><seg>Replace if damaged.</seg></tuv>
  <tuv xml:lang="sw"><seg>Badilisha ikiwa imeharibika.</seg></tuv>
</tu>
```

Itazame vizuri jozi hiyo, kwa maana ndani yake mna mtego ambao wauzaji wa programu hawautaji. Sentensi ya Kiingereza haisemi ni kitu gani kimeharibika, nayo haibadiliki, iwe ni pampu, mkanda au kifuniko cha rejeta. Mtafsiri aliyeiandika mara ya kwanza alikuwa kwenye ukurasa wa pampu, akaandika imeharibika. Kurasa tano mbele yuko kwenye mkanda wa feni, na programu inamletea imeharibika tena, ikiwa na alama ya asilimia 100. Ilipaswa kuwa umeharibika. Kwenye kifuniko ilipaswa kuwa kimeharibika. Kwa hesabu ya kompyuta huo ni ulinganifu kamili, ilhali msomaji anaona sarufi iliyovunjika, na mbaya zaidi, kiambishi kinachomwelekeza kwenye kifaa kingine kilichotajwa juu kidogo.

Njia za kutoka ni mbili. Ya kwanza ni kuiambia programu kwamba kipande hiki kina tafsiri zaidi ya moja. Katika OmegaT unachagua `Create Alternative Translation`, na tafsiri hiyo inafungwa mahali hapo tu, pamoja na kumbukumbu ya kipande kilichotangulia na kinachofuata. Inafaa, lakini sentensi ikirudi mara sitini utachoka kabla haijaisha.

Njia ya pili naipenda zaidi, na haihitaji programu yoyote: andika Kiswahili kisichobeba ngeli. Badilisha ukiona uharibifu. Sentensi hiyo inafaa kwa pampu, kwa mkanda na kwa kifuniko, kwa hiyo jozi moja inatosha vitabu vyote sita. Vivyo hivyo kwenye majedwali ya ukaguzi, ambamo neno moja husimama peke yake ndani ya kisanduku. Safi halisumbui, kwa kuwa halichukui kiambishi. Chafu linasumbua, maana mkanda ni mchafu na kioo ni kichafu. Andika uchafu upo, na jedwali zima litapona. Mtafsiri mzoefu wa vitabu vya mashine huzikusanya sentensi fupi za namna hii tangu siku ya kwanza, akazitafutia umbo lisilo na ngeli kabla hajaanza kazi yenyewe.

Hapo ndipo tunarudi kwenye filta, kwa sababu ngeli ndiyo inayofanya uteuzi wa istilahi katika Kiswahili usiwe jambo la kuahirisha. Wengi hufikiri hivi: tutafsiri kwanza, majina tutayaoanisha mwishoni kwa kutafuta na kubadilisha. Chukua sentensi hii: Toa kichujio cha oili kilichochafuka, kisha kisafishe. Mteja anaamua kwamba jina litakuwa filta, nawe unaiamuru kompyuta ibadilishe. Unapata: Toa filta cha oili kilichochafuka, kisha kisafishe. Kubadilisha nomino moja kumeacha viambishi vinne vikining'inia, na kila kimoja kinahitaji mkono wa mtu: filta ya oili iliyochafuka, kisha isafishe. Zidisha hayo kwa mamia ya sentensi, kisha kumbuka kwamba sentensi mbovu sasa zimo ndani ya kumbukumbu na zitaletwa tena kwenye toleo lijalo la kitabu.

Kwa hiyo orodha ya istilahi hutangulia kumbukumbu. Katika OmegaT ni faili la maandishi ya kawaida, `glossary.txt`, ndani ya folda ya `glossary`. Kila mstari una neno la Kiingereza, neno la Kiswahili na maelezo, vikitenganishwa kwa kitufe cha Tab. Safu ya maelezo ndiyo mahali pa kuandika ngeli na maneno yaliyokataliwa. Kwa seti ya jenereta, istilahi mia mbili hivi zilizojadiliwa na fundi zitafaa kuliko elfu mbili zilizochotwa kwenye kamusi. Nasema fundi kwa makusudi: yeye ndiye atakayekuambia kwamba gereji nzima inasema filta, na kwamba kichujio kwao ni cha chai.

Kundi moja la maneno halina nafasi ya mjadala wa kila mtafsiri. Viwango vya Marekani vya ANSI Z535 vinapanga maneno ya tahadhari kwa ngazi. Ya juu kabisa ni kwa hatari itakayoua au kujeruhi vibaya isipoepukwa, ya pili kwa inayoweza kufanya hivyo, ya tatu kwa inayoweza kuleta jeraha dogo au la wastani, na ya nne kwa mambo yasiyohusu kuumia mwili, kama kuharibika kwa mashine. Ukiamua kuwa ni HATARI, ONYO, TAHADHARI na ILANI, basi iwe hivyo kila mahali. Mtafsiri mmoja akibadilishana ONYO na TAHADHARI, kila neno bado litasomeka vizuri, ila ngazi zitakuwa zimepinduka na hakuna atakayegundua kwa kusoma kitabu kimoja. Jozi za namna hii huwekwa kwenye folda ya `tm/enforce`, ambayo OmegaT huitii hata pale mtafsiri alipokwisha andika kitu kingine.

Folda iliyo kinyume chake ina manufaa pia. Mteja anapokukabidhi kumbukumbu ya zamani usiyoijua asili yake, iweke kwenye `tm/penalty-030`. Kila kitakachotoka humo kitakatwa alama 30, kwa hiyo ulinganifu wa asilimia 100 utaonyeshwa kama 70. Unapata msaada wake bila kuamini kila inachosema.

Baada ya kazi, vipimo viwili huonyesha hali ya kumbukumbu. Cha kwanza kila mtu anakijua: tafuta Kiingereza kimoja chenye Kiswahili zaidi ya kimoja. Hapo ndipo filta na kichujio hukamatwa. Cha pili husahaulika: tafuta Kiswahili kimoja kilichotokana na Kiingereza tofauti. Ukikifanya kwenye vitabu vya injini utakutana na filta ya mafuta imesimama kwa vitu viwili, filta ya dizeli na filta ya oili, maana mafuta kwetu ni yote mawili. Katika jenereta nyingi oili na filta yake hubadilishwa kila saa 250 za kazi, na ya dizeli inaweza kuwa na ratiba yake. Utakutana pia na fungua, iliyotumika kwa nati ya kulegezwa kidogo na kwa nati ya kutolewa kabisa. Kwenye injini yenye oili ya moto, tofauti hiyo itamfikia fundi mkononi. Hakuna programu itakayokwambia kuwa fungua ni kosa. Itakuonyesha tu sentensi mbili za Kiingereza zilizoangukia moja ya Kiswahili, nawe uamue.

Ulinganifu usio kamili unataka macho zaidi ya ule wa asilimia 100, hasa ule wa juu, wa 95 hivi. Sentensi inayosema kaza kwa 45 Nm na nyingine inayosema kaza kwa 54 Nm zinapishana kwa tarakimu tu, na baadhi ya programu hubadilisha namba zenyewe, baadhi zinakuachia. Neno dogo la kukanusha kwa Kiingereza nalo haliathiri sana asilimia, ilhali kwetu fungua inageuka usifungue. Mtafsiri aliyechoka saa kumi jioni huona sentensi anayoifahamu na kubonyeza kuendelea.

Na hapa bei inaingia. Ni desturi mteja kulipa bei kamili kwa maneno mapya, sehemu tu kwa yanayofanana, na kidogo sana, au hata sifuri, kwa ulinganifu kamili, ambao wengine huufunga kabisa ili mtafsiri asiuguse. Kwa lugha ambayo sentensi haibadiliki kwa kitu kinachozungumziwa, pengine inawezekana. Kwa Kiswahili, kufunga ulinganifu kamili ambao haujasomwa ni kuhifadhi imeharibika ya pampu kwenye ukurasa wa mkanda. Anayesaini mkataba na aombe malipo ya kusoma vipande hivyo, hata kama ni robo ya bei, na aonyeshe jozi ya juu kama sababu.