0.45 na 0.6: Wanafunzi Wawili, Kosa Moja

Wanafunzi wawili wanapobadilishana karatasi za zoezi na kusahihishana, kosa la mmoja huonekana mapema, kwa sababu jibu lake halifanani na la mwenzake. Kosa ambalo wote wawili wanalo hujificha. Msahihishaji hutazama jibu, hulikuta sawasawa na lake, akaweka vema bila kusita. Hadithi fupi ya Mwanaidi na Baraka, wanafunzi wa darasa la tano waliopewa zoezi la desimali, inaonyesha jinsi kosa la namna hiyo linavyokaa na jinsi linavyofichuka.

Zoezi lilikuwa na maswali saba. Katika sita ya mwanzo waliambiwa wazungushie namba iliyo kubwa, au waandike "sawa" ikiwa namba zinalingana. Swali la kwanza lilikuwa 0.3 na 0.7, la pili 2.54 na 2.45, la tatu 0.8 na 0.95. Wote walipata. Swali la nne lilikuwa 0.45 na 0.6, na wote wakazungushia 0.45. La tano lilikuwa 1.375 na 1.4; wakachagua 1.375. La sita lilikuwa 0.5 na 0.50, wakachagua 0.50. Walipobadilishana karatasi, kila mmoja alimpa mwenzake vema sita. Ukweli ni kwamba kila mmoja alistahili tatu.

Hakukuwa na uzembe hapo. Wote wawili walifuata kanuni moja, na waliifuata kwa uaminifu: 45 ni kubwa kuliko 6, basi 0.45 ni kubwa kuliko 0.6. Kanuni hiyo huzichukua tarakimu zilizo kulia kwa nukta kana kwamba ni namba nzima inayojitegemea. Inatoka katika uzoefu wa miaka minne ya shule, ambapo namba yenye tarakimu nyingi zaidi ndiyo kubwa siku zote. Usomaji wa mazoea nao huipa nguvu. Mtoto anayesema "sifuri nukta arobaini na tano" amekwisha kutamka arobaini na tano, na masikio yake yamesikia namba kubwa. Usomaji unaofundishwa, "sifuri nukta nne tano", hautoi picha hiyo. Fedha huchangia pia: senti huandikwa daima kwa tarakimu mbili, kwa hiyo anayesoma shilingi 2.50 kuwa "mbili na hamsini" yuko sahihi kabisa, na hana sababu ya kushuku usomaji wake kwingine. Hata vitabu vina sehemu yao, maana mada ya 3.10 hufuata ya 3.9.

Jambo linaloifanya kanuni hii idumu ni kwamba mara nyingi inatoa jibu sahihi. Katika swali la kwanza na la pili tarakimu za kulia zilikuwa na idadi moja, na hapo kuzilinganisha kama namba nzima hakudhuru. Katika la tatu namba yenye tarakimu nyingi ndiyo iliyokuwa kubwa kweli. Zoezi lenye maswali ya aina hizo tu lingewapa Mwanaidi na Baraka alama zote, na mwalimu angeendelea na mada inayofuata.

Swali la saba ndilo lililowatenganisha. Kitambaa chekundu kina urefu wa mita 0.6 na cha bluu mita 0.45, waandike urefu wa kila kimoja kwa sentimita, kisha wataje kilicho kirefu. Baraka aliandika sentimita 6 na sentimita 45, akajibu cha bluu. Mwanaidi alikuwa amekariri kwamba kutoka mita kwenda sentimita nukta huhamishwa nafasi mbili kulia, akapata 60 na 45, akajibu chekundu. Alipofika hapo kwenye karatasi ya Baraka, aliweka alama ya kosa.

"Umenikosesha kwa nini?" Baraka aliuliza. "Kwenye la nne wewe mwenyewe umesema 0.45 ni kubwa. Mbona hapa imekuwa ndogo?"

Mwanaidi aliirudia karatasi yake. Swali la nne lilisema hivi, la saba lilisema vile, na namba ni zilezile. Ugunduzi wote umo katika hatua hiyo. Jibu la Baraka lilikuwa na kosa, lakini karatasi yake haikujipinga mahali popote. Ya Mwanaidi ndiyo iliyojipinga. Alijua kuhamisha nukta bila kuunganisha ujuzi huo na ukubwa wa namba. Tofauti yao katika swali moja ndiyo iliyofichua kosa walilokubaliana katika matatu.

Walichukua rula ya ubao yenye urefu wa mita moja. Waliigawa katika sehemu kumi zilizo sawa, kila moja ikiwa na sentimita 10, wakahesabu sehemu sita: kidole kikaangukia alama ya 60. Kwa 0.45 walihesabu sehemu nne za kumi, kisha sentimita tano, wakafika 45. Sita ya 0.6 ni sehemu sita za kumi, na kila sehemu ya kumi ina sehemu kumi za mia ndani yake, kwa hiyo 0.6 ni sawa na 0.60. Hapo swali la sita likajibika lenyewe: 0.5 na 0.50 zinaishia alama moja ya rula. Katika la tano, 1.4 iliandikwa 1.400 na kuwekwa juu ya 1.375, nukta chini ya nukta.

Kosa hili lina pacha wake, na mwalimu anapaswa kumwangalia. Kaye Stacey na Vicki Steinle wa Chuo Kikuu cha Melbourne, waliochunguza kwa kina namna wanafunzi wanavyolinganisha desimali, walieleza makundi mawili: wanaodhani namba ndefu ndiyo kubwa, na wanaodhani fupi ndiyo kubwa. Wa kundi la pili hufikiri kwamba sehemu za mia ni ndogo kuliko za kumi, kwa hiyo namba yoyote inayofika kwenye sehemu za mia lazima iwe ndogo. Mwanafunzi huyo atapata swali la 0.45 na 0.6, tena kwa haraka, na atakosa 0.3 na 0.47. Mwanaidi na Baraka wangeweza kuingia kundi hilo siku hiyohiyo, kama wangeondoka na wazo kwamba "fupi ndiyo kubwa" badala ya picha ya rula.

Kusahihishana kuna mpaka wake. Bila swali la saba, wawili hawa wangerudisha karatasi zao na vema zisizostahili. Karatasi ya majibu ingewaonyesha kwamba wamekosa, lakini isingewaonyesha kanuni iliyowakosesha. Kinachosaidia ni zoezi lenye namba zilezile katika sura mbili, moja ya tarakimu tupu na nyingine ya kupima, na sharti kwamba kila anayeweka alama aandike sababu yake pembeni.

Mzazi au mwalimu anayetaka kumjua mtoto wake yuko wapi anahitaji jozi mbili tu: 0.45 na 0.6, kisha 0.3 na 0.47. Ampe zote mbili, na hata akipata zote, amuulize amejuaje.