Oda za Mwaka Mzima Katika Jedwali Moja

Tuseme una duka la kanga na vitenge, na oda zote za 2024 zimo kwenye Excel, zaidi ya mistari 3,000. Kila mstari ni oda moja yenye safu nne: Tarehe, Bidhaa, Malipo na Kiasi. Unataka kujua kanga ziliingiza shilingi ngapi mwezi Desemba, na ngapi kati ya hizo zililipwa kwa simu.

Bonyeza popote ndani ya orodha, nenda Insert, kisha PivotTable. Buruta Bidhaa kwenye Rows, Tarehe kwenye Columns, Kiasi kwenye Values. Malipo mimi huyaweka Rows, chini ya Bidhaa, ili kila bidhaa ijigawe kwa taslimu, simu na benki. Ukiyapeleka Columns pamoja na miezi utapata safu zaidi ya thelathini, na hakuna atakayezisoma. Tarehe zikitokea moja moja, bonyeza mojawapo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Group, kisha Months.

Hapa ndipo wengi hukwama. Excel hujibu "Cannot group that selection", maana yake baadhi ya tarehe zimeingia kama maandishi. Kwa kawaida chanzo ni kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Ukiandika 25/12/2024, haioni mwezi wa 25, kwa hiyo inaiacha kama maandishi, imeegemea kushoto mwa seli. Hilo angalau linaonekana. Hatari zaidi ni 05/12/2024: inapokelewa bila kelele kama Mei 12, na mauzo yako ya Desemba yanahamia Mei. Kama tarehe zote ziliandikwa kwenye kompyuta hiyo, siku na mwezi zikiwa na tarakimu mbili mbili, fomula hii kwenye safu mpya inazinyoosha zote:

```
=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))
```

Kisha safu hiyo mpya ndiyo uitumie badala ya Tarehe.

Angalia pia kichwa cha hesabu. Kikisema Count of Kiasi badala ya Sum of Kiasi, huenda kuna mtu aliandika "45,000/=". Alama hiyo inageuza pesa kuwa maandishi. Kubadili kwenda Sum peke yake hakutoshi, kwani seli hiyo itahesabiwa sifuri na jumla itapungua kimyakimya. Ifute alama kwenye orodha.

Malipo nayo yana vituko vyake: "Simu" na "Kwa simu" zitakaa mistari miwili tofauti. Ukitilia shaka namba yoyote, ibofye mara mbili, na Excel itafungua ukurasa mpya wenye oda zote zilizoijenga. Masahihisho lakini yafanye kwenye orodha ya mwanzo, halafu urudi kwenye muhtasari na kuchagua Refresh, kwa kuwa kwa kawaida haujibadilishi wenyewe.