Mkate wa Mayai Ndani ya Oveni: Rafu, Moto na Kijiti

Kabla oveni hazijaenea katika nyumba za Unguja, Mombasa na Lamu, mkate wa mayai uliokwa kwa kupalia. Sufuria ilikaa juu ya makaa machache, na kifuniko cha bati kikawekewa makaa mengi zaidi. Mpishi alipunguza makaa ya chini na kuongeza ya juu kwa kunusa harufu na kuangalia rangi. Oveni imemwondolea majivu, lakini kazi imebaki ileile: kuugawa moto wa juu na wa chini ili katikati ya mkate iive kabla ngozi yake haijaungua.

Mkate huu ni keki ya sponji halisi. Mayai 6, sukari gramu 180, unga wa ngano gramu 180 na iliki iliyotwangwa vinatosha chombo cha duara chenye upana wa sentimita 23, kilichotandikwa karatasi chini. Wengi hawatii siagi wala bekingi pauda. Kinachouinua ni hewa iliyofungwa wakati mayai na sukari vinapigwa mpaka viwe vyeupe na vizito, kiasi kwamba rojo linaloanguka kutoka kwenye mchapo linaacha alama juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kuzama. Unga huingizwa mwishoni, kidogokidogo, kwa kugeuza kutoka chini kwenda juu ili povu lisivunjike.

Povu hilo likiingia kwenye joto, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Vipovu vya hewa hutanuka na kuusukuma mkate juu. Wakati huohuo mayai huanza kuganda na wanga wa unga huvimba kwa maji, na hivyo kuta za vipovu hukakamaa. Kuta zikikakamaa vipovu vikiwa vimetanuka vya kutosha, mkate hubaki juu. Zikichelewa, vipovu huungana na kupasuka, na mkate hushuka. Rafu, nyuzi za joto na dakika vyote vinahusu mwendo huo mmoja.

Kwa hiyo oveni huwashwa kabla mayai hayajaanza kupigwa. Povu la mayai halina subira. Likikaa mezani robo saa likisubiri oveni ipate moto, sehemu ya hewa imekwisha potea. Taa ya oveni ikizimika maana yake ni kwamba hewa ya ndani imefikia joto lililowekwa, lakini kuta za chuma bado zinaendelea kupata moto. Dakika 20 za kuwasha mapema ni kipimo kizuri kwa oveni nyingi za nyumbani.

Joto linalofaa mkate wa ukubwa huu ni nyuzi 180 za selsiasi, au 160 ikiwa oveni ina feni, kwa sababu hewa inayozungushwa hupeleka joto haraka zaidi. Moto ukizidi, ngozi ya juu huganda mapema huku ndani bado kunatanuka. Rojo la katikati hutafuta njia, na mkate hutoka na kilima chenye ufa. Moto ukipungua, mkate huwa mweupe, mzito, na mara nyingi hubonyea. Tatizo ni kwamba kitasa cha oveni si cha kuaminiwa sana. Oveni iliyowekwa kwenye 180 inaweza kuwa na joto la juu au la chini kuliko hapo, na tofauti hiyo haionekani kwa macho. Kipimajoto kidogo cha kuning'inizwa kwenye rafu humaliza ubishi. Asiyekuwa nacho anaweza kutandaza slesi za mkate wa kawaida kwenye rafu nzima na kuziacha hadi zianze kubadilika rangi: upande unaotangulia kuwa kahawia ndio wenye moto mkali.

Kuhusu rafu, wengi huambiwa waweke keki katikati, kisha huweka rafu katikati. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kinachotakiwa kuwa katikati ya oveni ni mkate wenyewe, na mkate una kimo, tena utaongezeka. Rafu basi hukaa hatua moja chini ya nusu. Oveni ya gesi yenye moto wa chini peke yake ni habari nyingine: chini huungua mapema, hivyo rafu hupandishwa hatua moja. Kwenye oveni ndogo za umeme za kukaa mezani, waya wa juu uko karibu mno na uso wa mkate, na hapo rafu hushushwa. Chombo kisigusane na ukuta wala kisikalishwe kwenye trei pana inayoziba rafu yote, maana hewa ya moto lazima ipite pembeni mwake.

Sasa mkate umeingia. Kwa chombo hiki muda wa kutarajia ni dakika 30 hadi 35, na mlango hauguswi kwa dakika 20 za mwanzo. Katika kipindi hicho kuta za vipovu bado ni laini, na joto likishuka ghafla katikati inaweza kuzama isiinuke tena.

Dakika ya 25 uso tayari una rangi nzuri ya kahawia, na hapo ndipo wapishi wengi hudanganyika. Rangi hueleza habari za ngozi tu. Mpishi makini hugusa uso kwa ncha ya kidole: ukitikisika kama uji, kijiti hakiingizwi kabisa, kwa sababu kutoboa povu ambalo halijaganda ni kulishusha. Ukiwa umeshika, huchukua kijiti cha mshikaki, akakiingiza katikati kabisa mpaka karibu na chini, akakitoa taratibu. Kijiti cha mbao ni bora kuliko kisu au sindano ya chuma, kwani chuma laini kinaweza kutoka kisafi hata ndani kukiwa na unyevu, na kisu huacha jeraha kubwa.

Tuseme kijiti kimetoka na rojo linalong'aa. Mkate hurudi ndani, foili hulazwa juu bila kukazwa ili rangi isizidi, na mlango hufungwa kwa dakika 5. Jaribio la pili hufanywa kwenye tundu jipya karibu na lile la kwanza, maana tundu la zamani linaweza kuwa na rojo lililobaki. Kijiti kikitoka kikavu au na punje mbili tatu kavu, mkate umeiva. Kama kuna ufa, kijiti hakipitishwi humo. Ufa hukauka mapema na hutoa jibu la uongo.

Kijiti pekee hakitoshi kwa mkate wa mayai, kwa kuwa ni mkavu kuliko keki ya siagi na unaweza kukipitisha kisafi dakika chache kabla haujakakamaa vizuri. Ndiyo maana kidole hurudi kazini: uso ukibonyezwa kidogo huinuka wenyewe bila kuacha shimo. Pembeni nako mkate huwa umeanza kuachana na chombo.

Baada ya dakika 10 nje ya oveni, mkate hugeuzwa juu ya waya na karatasi hubanduliwa. Hapo ndipo pa kukagua kitako. Kikiwa cheusi huku uso ukiwa umepauka, safari ijayo rafu hupandishwa hatua moja. Kikiwa cheupe na chenye unyevu huku uso umeiva sana, rafu hushushwa. Kitako na uso vikiwa na rangi zinazokaribiana, mpishi huandika namba ya rafu, nyuzi na dakika kwenye karatasi na kuibandika kwenye kabati, kwa sababu vipimo hivyo ni vya oveni yake na huenda visifae oveni ya jirani.