Dodoma ina misimu mingapi ya mvua?

Mpe mtu grafu ya hali ya hewa ya Dodoma, ile yenye pau za mvua za miezi kumi na miwili na mstari wa joto unaopita juu yake, kisha umuulize mji huo una misimu mingapi ya mvua. Wengi hujibu miwili, na si bure. Upande wa kushoto, Januari hadi Machi, pau zimesimama ndefu. Katikati, kuanzia Mei hadi Oktoba, karibu hakuna kitu. Upande wa kulia pau zinaanza kuota Novemba, na Desemba zimeshakuwa ndefu tena. Ukihesabu mafungu, ni mawili.

Lakini mkulima wa uwele wa Dodoma anajua kwamba ana msimu mmoja tu, na akiukosa huo hana mwingine wa kuutegemea hadi mwaka ugeuke. Grafu haikusema uongo. Tatizo ni kwamba karatasi inaanza Januari na kuishia Desemba, ilhali mvua ya Dodoma huanza mwaka mmoja na kumalizikia mwaka unaofuata. Kalenda imeukata msimu mmoja katikati na kuweka kila kipande pembeni.

Dawa yake ni nyepesi. Ikunje karatasi iwe bomba, ili Desemba iguse Januari. Desemba Dodoma hupata takriban milimita 115 na Januari takriban 130, kwa hiyo pau mbili zilizokuwa ncha mbalimbali sasa zimesimama bega kwa bega, bila pengo. Hapo ndipo fungu moja linapojitokeza, la kuanzia mwisho wa Novemba hadi Aprili. Watabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huziita hizi mvua za Msimu, nao huzitenga na mvua za maeneo yanayopata misimu miwili, yaani vuli na masika.

Sasa tuchukue mji wenye misimu miwili kweli, Dar es Salaam, tuisome grafu yake hatua kwa hatua. Tarakimu zifuatazo ni wastani wa miaka mingi wa mvua ya kila mwezi, kwa milimita, na msomaji mwenye penseli anaweza kuzichora mwenyewe:

Januari 76, Februari 55, Machi 138, Aprili 254, Mei 198, Juni 43, Julai 26, Agosti 24, Septemba 23, Oktoba 69, Novemba 126, Desemba 118.

Kabla ya kusoma umbo, hakikisha unajua kipimo kipi ni cha nini. Grafu ya aina hii ina vipimo viwili vilivyosimama, kimoja kila upande: kimoja cha milimita za mvua, kingine cha nyuzi joto. Vitabu havikubaliani kipi kikae kushoto, kwa hiyo soma maandishi ya pembeni kwanza. Anayechanganya vipimo hivyo ataona mstari umefika kwenye 250 na kudhani mji unaungua. Ama milimita moja ya mvua maana yake ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Aprili ya Dar, kama maji yake yasingetiririka wala kunywewa na ardhi, yangesimama kina cha sentimita 25 juu ya jiji zima.

Ikunje grafu hii nayo. Kutoka Desemba, milimita 118, tunashuka Januari hadi 76, tunashuka tena Februari hadi 55, ndipo tunapanda Machi hadi 138. Kuna bonde kati ya vilima viwili, na bonde hilo halikuletwa na kalenda, kwa sababu limebaki palepale hata baada ya karatasi kuunganishwa. Bonde la pili, pana na la kina zaidi, ni la Juni hadi Septemba. Mabonde mawili, vilima viwili: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, masika kuanzia Machi hadi Mei.

Ukijumlisha, mwaka mzima Dar hupata milimita 1,150. Masika peke yake ni 590, zaidi kidogo ya nusu. Vuli ni 313. Miezi minne ya Juni hadi Septemba kwa pamoja ni 116, ambayo haifiki hata nusu ya Aprili. Hivyo vilima viwili havilingani, na maelezo mazuri ya eneo lazima yaseme hilo: masika ndiyo mvua kubwa, vuli ni ndogo.

Je, Februari ni mwezi mkavu au wa mvua? Milimita 55 Dar zinaonekana chache, ila kwenye mji wa baridi zingetosha kuacha ardhi imelowa. Hapa ndipo mstari wa joto unapoanza kufanya kazi, maana joto ndilo linalokausha. Wataalamu wa mimea wa Kifaransa, Bagnouls na Gaussen, waliweka kanuni rahisi miaka ya 1950, na Mjerumani Heinrich Walter akaijengea michoro yake ya hali ya hewa ya dunia: zidisha wastani wa jotoridi la mwezi mara mbili, na mvua ikiwa chini ya jibu, mwezi huo uhesabu mkavu.

Februari ya Dar ina wastani wa karibu nyuzi 28. Mara mbili ni 56, mvua ni 55. Mwezi umesimama mpakani kabisa. Juni ina nyuzi 24, mara mbili ni 48, mvua ni 43, kwa hiyo umevuka kidogo kuingia ukavuni. Agosti yenye nyuzi 24 vilevile inadai 48 na kupata 24 tu, nusu ya inachohitaji. Oktoba ina nyuzi 25, inadai 50, inapata 69, na vuli imeanza. Katika michoro ya Walter vipimo hupangwa kwa makusudi ili nyuzi 10 zilingane na milimita 20, na hapo mvua inaposhuka chini ya mstari wa joto unasoma ukavu kwa macho tu. Kwenye grafu nyingine za vitabuni, mchoraji amepanga vipimo atakavyo, na mstari kukatana na pau hakuna maana yoyote. Hilo ni kosa linalowanasa hata walimu. Na kanuni yenyewe ni ya kukadiria tu: haijui kama udongo ni mchanga unaopitisha maji au mfinyanzi unaoyashika.

Sasa mstari wenyewe. Dar huanzia karibu nyuzi 28 mwezi Januari na Februari, huteremka taratibu wakati wa masika mawingu yanapolifunika jua, hufika chini kabisa Julai kwenye nyuzi 23 na nusu, kisha hupanda tena. Tofauti ya mwezi wa joto kali na mwezi wa baridi ni nyuzi nne na ushei tu. Kwa hiyo misimu ya Dar inapewa majina na pau, si na mstari. Linganisha na Maskati, Omani, ambako mvua ni haba mwaka mzima, ila mstari unapanda kutoka karibu nyuzi 21 Januari hadi karibu 35 Juni. Huko mstari ndio unaogawa mwaka.

Kuna jambo mstari huo hauonyeshi. Kila nukta yake ni wastani wa mchana na usiku. Julai ya Dar hufika nyuzi 29 mchana na kushuka hadi 18 usiku, tofauti ya nyuzi 11 ndani ya siku moja, zaidi ya mara mbili ya tofauti ya Januari na Julai. Anayetaka kujua kama atahitaji shuka zito asiangalie mstari wa wastani. Atafute grafu yenye mistari miwili, wa juu kabisa na wa chini kabisa.

Mstari wa Dodoma nao una habari yake. Haufiki kilele Januari bali Novemba, karibu nyuzi 25, na chini kabisa ni Julai, karibu nyuzi 20. Jua limeshasogea kusini, ardhi ni kavu, mawingu hayajakusanyika, basi joto hupanda hadi mvua zinapoanza kulipunguza. Ukiona kilele cha mstari kimetangulia kidogo pau za kwanza ndefu, umeusoma ule mwezi ambao watu hutazama angani kila jioni.

Ramani inaongeza fumbo. Dodoma na Dar ziko karibu mstari mmoja, nyuzi sita hadi saba kusini mwa Ikweta. Ukanda wa mvua unaolifuata jua kwenda kusini na kurudi kaskazini unazipitia zote mbili. Lakini Dar iko kando ya bahari, nayo hupata unyevu wa upepo wa kusi wakati wa masika. Dodoma iko bara, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, nyuma ya milima ya mashariki ambayo hewa ya baharini huiachia sehemu kubwa ya maji yake. Ndiyo maana Dodoma hupata takriban milimita 570 kwa mwaka, nusu ya Dar. Grafu huonyesha tofauti hiyo, ila haielezi chanzo chake. Chanzo hutafutwa kwenye ramani.

Tukiyaweka pamoja, maelezo ya Dar yanatosha sentensi tatu. Mvua huja mara mbili, masika makubwa Machi hadi Mei yenye kilele Aprili, na vuli ndogo Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Septemba ni kukavu na kuna ubaridi kiasi, huku Januari na Februari kukiwa na joto kali na mvua chache. Jotoridi hubadilika kidogo mwaka mzima, likiwa juu Februari na chini Julai.

Hata hivyo, pau zote hizo ni wastani, kwa kawaida wa miaka 30, na hakuna mwaka unaolazimika kuufuata. Desemba 2011 vituo vya Dar vilipima zaidi ya milimita 150 ndani ya saa 24, maji yakazamisha mabondeni. Mvua ya siku moja iliipita pau ya Desemba nzima. Mwaka mwingine vuli huchelewa au hupotea, na pau ya wastani hubaki palepale. Kwa hiyo mtabiri anaposema redioni kwamba masika yajayo yanatarajiwa kuwa chini ya wastani, wastani anaoutaja ni hizo pau za Machi, Aprili na Mei. Mwenye grafu mkononi anajua wastani huo ni ngapi: pale Dar, milimita 590, na kwa kituo chake mwenyewe anajumlisha pau zake tatu.