Kamera za Hospitali na Swichi ya Katikati

Tuseme hospitali ya wilaya imenunua kamera za ulinzi. Fundi akizichomeka tu kwenye swichi zilizopo, zitakuwa mtandao mmoja na kompyuta za mapokezi na maabara, na yeyote atakayechomeka laptopu ukutani ataweza kuzifikia. Ndipo linapoandikwa ombi la mabadiliko: iongezwe VLAN namba 40 kwa ajili ya kamera. VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile na nyaya zilezile. Data inapotoka swichi moja kwenda nyingine hubandikwa namba ya mtandao wake, ili upande wa pili ujue ni ya nani.

Swichi ni tatu na zimeungwa kwa mstari. A iko chumba cha seva, B iko wodini, na C iko bohari la dawa. Kamera ziko A na C. B haina hata moja. Hapo ndipo maombi mengi hukosewa, kwa kuwa mwandishi huona B haihusiki na kuiacha. Lakini data ya C haina njia nyingine ila kupitia B, na swichi isiyoijua VLAN 40 huitupa data hiyo kimyakimya. Taa zitawaka, kamera zitapata umeme, ila hakuna picha. Kwa hiyo ombi liorodheshe swichi zote tatu, na kwenye kila waya unaoziunganisha, yaani trunki, VLAN 40 iruhusiwe pande zote mbili.

Amri za kuunda VLAN na kuiruhusu kwenye trunki, kwenye swichi za Cisco, ni chache:

```
vlan 40
 name KAMERA
interface GigabitEthernet1/0/24
 switchport trunk allowed vlan add 40
```

Msomaji wa ombi aanze kwa kutafuta `add`. Ikikosekana, swichi haitalalamika. Itaifuta orodha yote ya VLAN zilizoruhusiwa na kubakiza 40 peke yake. Mapokezi, maabara na hata njia anayoitumia fundi kuifikia swichi hiyo kutoka mbali vitakatika papo hapo. Akiwa amekosea kwenye swichi C, itambidi abebe kebo ya konsoli hadi bohari, usiku, na kumtafuta mwenye funguo.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kugusa chochote kwenye kila swichi, fundi huandika `reload in 10`. Swichi ikiuliza kama ihifadhi mabadiliko, anajibu hapana. Akijifungia nje, baada ya dakika 10 swichi itajiwasha upya na kurudi kwenye mipangilio iliyohifadhiwa mwanzo. Kazi ikiendelea zaidi ya hapo, huiandika upya kabla dakika hizo hazijaisha. Kinga hii ina gharama yake: swichi inapojiwasha, kila kilichounganishwa nayo hukatika kwa dakika kadhaa. Basi kazi ipangwe usiku, na zamu ya wodini iarifiwe mapema.

Majaribio yaanze kabla ya kazi, kwa kunakili hali ya sasa, maana bila hiyo hutajua kama kompyuta isiyofanya kazi umeiharibu wewe au ilikuwa hivyo tangu jana. Baada ya kazi, `show interfaces trunk` ndiyo inayosema ukweli. Hutoa orodha ya VLAN zilizoruhusiwa, kisha orodha ya zilizoruhusiwa na zilizo hai. Ukiiona 40 kwenye ya kwanza na huioni kwenye ya pili, kwa kawaida mtu ameiruhusu kwenye trunki akasahau kuiunda ndani ya swichi. Kisha chomeka laptopu kwenye porti ya kamera kule C. Ikipata anwani ya 192.168.40, njia imefunguka. Ikijipa ya 169.254, haijaifikia seva inayogawa anwani. Mwisho, jaribu kompyuta ya mapokezi, ambayo haikuguswa.

Sehemu ya kurudi nyuma ndiyo ninayoipima kwa ukali zaidi. Ombi linalosema tu "tutarudisha kama ilivyokuwa" lisitiwe saini. Liandike amri kwa mpangilio wa kinyume: kwanza porti za kamera zirudi VLAN zake za zamani, kisha `switchport trunk allowed vlan remove 40`, na mwisho kabisa `no vlan 40`. Ukiifuta VLAN kwanza, porti zilizobaki ndani yake hazitapitisha kitu. Liandike pia saa ya kukata shauri. Kazi ikianza saa 4 usiku na hadi saa 5 na nusu majaribio hayajapita, fundi arudishe. Uchunguzi ungoje siku nyingine.

Yote yakipita, huandikwa `reload cancel` kwenye kila swichi, halafu `write memory`. Asiyesahau ya pili husahau ya kwanza: anafunga laptopu yake akiwa ameridhika, na dakika chache baadaye wodi nzima inakatika mtandao.